Posho iliyopungua bila kuguswa: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi wa Tabora aliyesoma Nairobi, 2023 hadi 2025

Kisa hiki kimeandikwa kwa ridhaa ya familia husika. Majina ya watu, wilaya, chuo, benki na kampuni za simu yameondolewa, na kiasi cha fedha kimetajwa kwa makadirio ili hesabu zifuatike kwa urahisi. Alama ya Sh inamaanisha shilingi ya Tanzania, na Ksh inamaanisha shilingi ya Kenya. Kila ninapotaja kiwango halisi cha familia, ninamaanisha fedha iliyotumwa pamoja na makato yote, ikigawanywa kwa fedha iliyofika.

Usuli

Mwanafunzi huyu ni binti wa kwanza katika familia ya mkulima wa tumbaku mkoani Tabora. Alianza shahada yake katika chuo kimoja jijini Nairobi mwezi Septemba 2022. Ada ilitozwa kwa shilingi za Kenya na kulipwa kwa muhula, wakati posho ya kujikimu ilitumwa kila mwanzo wa mwezi kwa simu. Wachangiaji wa posho walikuwa wawili: baba yake, na mjomba wake ambaye ni mfanyabiashara wa dagaa na mawese mjini Kigoma.

Mapato ya baba yana majira yake, na bila kuyajua majira hayo sehemu kubwa ya kisa hiki haieleweki. Vitalu vya tumbaku huandaliwa kabla ya mvua, miche hupandikizwa mvua zinapoanza, majani huvunwa na kukaushwa kwenye mabani katika miezi ya mwanzo ya mwaka, kisha marobota hupelekwa sokoni kuanzia karibu mwezi wa Mei. Bei ya sokoni hutajwa kwa dola kwa kilo, na mkulima hulipwa kupitia chama chake cha msingi baada ya kukatwa deni la pembejeo. Kwa hiyo kati ya Januari na Aprili nyumba hii huwa na tumbaku nyingi na fedha taslimu kidogo sana, na katika miezi hiyo posho hutoka kwenye akiba ya msimu uliopita na kwa mjomba.

Mwaka 2023 ulikuwa mwema kwa mwanafunzi, na wema wake ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepaangalia. Posho ilikuwa Sh 350,000 kwa mwezi. Mwanzoni mwa mwaka huo dola moja ilikuwa takribani Sh 2,330 huku Tanzania, na Ksh 123 huko Kenya, hivyo shilingi moja ya Kenya ilipatikana kwa karibu Sh 19. Mwaka ulipokuwa ukienda, fedha zote mbili zilidhoofika mbele ya dola, lakini ya Kenya ilidhoofika kwa kasi zaidi. Kufikia Desemba dola ilikuwa karibu Sh 2,510 na zaidi ya Ksh 155, yaani shilingi moja ya Kenya sasa ilinunuliwa kwa Sh 16 tu. Posho ile ile ambayo Januari ilifika ikiwa kama Ksh 18,000, mwezi wa Desemba ilifika ikikaribia Ksh 21,500. Mwanafunzi alidhani amejifunza kubana matumizi, na baba alidhani hivyo hivyo.

Makubaliano ya Januari 2024

Aliporudi Nairobi baada ya sikukuu, mwanafunzi aliomba mambo mawili: ahame kutoka chumba alichoshiriki na wenzake aende kwenye bedsita ya peke yake karibu na chuo, na posho iongezwe hadi Sh 400,000. Sababu zake zilikuwa za kweli. Mwaka wa pili ulikuwa na masomo mazito, na katika chumba cha watu watatu kusoma usiku kulikuwa kwa zamu. Familia ilikubali, baba akiahidi Sh 250,000 na mjomba Sh 150,000.

Kwa kiwango halisi cha Januari, yaani Sh 16 kwa shilingi moja ya Kenya, posho hiyo ilifika ikiwa Ksh 25,000 kamili. Aliigawa hivi: kodi Ksh 9,000, chakula Ksh 8,500, nauli Ksh 3,500, bando na kuchapisha kazi za darasani Ksh 2,000, na mahitaji mengine Ksh 2,000. Hakuna kipengele hapo ambacho mtu mwenye busara angekiita anasa. Tatizo ni kwamba hakubakiza hata shilingi moja ya dharura, na bajeti yote ilisimama juu ya kiwango cha mwezi mmoja, mwezi ambao kwa bahati ulikuwa bora kuliko wowote tangu aanze masomo.

Kulikuwa na uamuzi mwingine mwezi huo ambao haukuonekana mkubwa. Kati ya Julai na Oktoba 2023, baada ya malipo ya tumbaku, baba alikuwa amenunua dola 600 kwa awamu na kuziweka kwenye akaunti ya dola mjini Tabora. Ilikuwa kwa awamu kwa sababu dola ziliadimika nchini wakati huo na benki haikuwa ikitoa kiasi kikubwa kwa mara moja. Zilimgharimu karibu Sh 1,500,000, na lengo lake lilikuwa ada ya muhula wa Septemba 2024, Ksh 80,000. Mwezi Januari dola moja ilibadilishwa Nairobi kwa karibu Ksh 160, hivyo dola hizo 600 zilikuwa na thamani ya Ksh 96,000. Ofisi ya uhasibu ya chuo ilipokea ada ya mbele, na mwanafunzi alimwuliza baba kama walipe mapema. Baba alikataa kwa hoja iliyokuwa na mantiki yake: kwa mwaka mzima dola ilikuwa imepanda Nairobi kila wiki, hivyo kila wiki ya kusubiri ilionekana kuwa faida.

Mambo yalivyokwenda, Februari hadi Aprili

Posho ya mwanzoni mwa Februari ilifika vizuri. Kisha Kenya ikageuka ghafla. Kwa miezi mingi wawekezaji walikuwa na hofu kwamba nchi hiyo ingeshindwa kulipa hatifungani yake ya dola bilioni 2 iliyokuwa ikiiva Juni 2024. Katikati ya Februari serikali ya Kenya iliuza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani kabla ya muda wake. Mwezi huo huo Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na hatifungani ya ndani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 ikavuta dola za wawekezaji wa nje. Waliokuwa wameficha dola wakaanza kuzitoa. Kufikia mwanzo wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Ksh 144, na mwanzo wa Aprili ilikuwa karibu Ksh 131.

Sh 400,000 za Machi zilifika zikiwa kama Ksh 22,000, na za Aprili zikiwa Ksh 19,800. Kodi ya bedsita ilibaki Ksh 9,000. Mwanafunzi alijua kwamba fedha imepungua lakini hakujua kwa nini. Mwanzoni alidhani makato ya kutuma yamepanda, baadaye akashuku kwamba nyumbani wamepunguza posho kimyakimya kwa sababu ya hali ngumu, na kwa heshima hakutaka kuwauliza wazazi jambo ambalo huenda lingewaaibisha. Badala ya kuuliza, alipunguza milo ya mchana na kukopa jumla ya Ksh 6,000 kwa wanafunzi wenzake wawili.

Simu ya mwanzoni mwa Aprili ndiyo iliyofungua suala hili, na haikufunguka kwa upole. Baada ya salamu, shikamoo baba na marahaba mwanangu, mwanafunzi alisema fedha haimfikishi mwisho wa mwezi. Baba alikuwa amesikia redioni kwamba shilingi imeshuka, akaenda benki kuuliza bei ya dola. Januari ilikuwa kama Sh 2,520, sasa ilikuwa kama Sh 2,570.

"Dola imepanda shilingi hamsini tu," alimwambia. "Hamsini kwenye elfu mbili na mia tano haiwezi kukumaliza chakula. Mwanangu, niambie ukweli, fedha inakwenda wapi?"

Kwa hesabu aliyoifanya, baba alikuwa sahihi. Asilimia 2 ya Sh 400,000 ni Sh 8,000, na hakuna mwanafunzi anayelala njaa kwa sababu hiyo. Kosa lilikuwa kuipima posho kwa fedha ambayo mwanafunzi hakuitumia popote. Hakununua sukuma wiki kwa dola.

Aliyelitatua jambo hili ni mjomba, na hakuhitaji kujua lolote kuhusu hatifungani. Biashara yake Kigoma inamkutanisha na wateja wanaotoka Burundi na Kongo, na kwa miaka mingi amezoea kwamba kila fedha ina mwendo wake. Alimwomba mpwa wake amtumie jumbe za simu za miezi minne zinazoonyesha fedha iliyofika, akaziweka kando ya jumbe zake za kutuma, akagawanya moja kwa nyingine. Januari 16. Februari 16. Machi 18.2. Aprili 20.2. Alimpigia baba jioni hiyo, na baba, kwa maelezo ya mjomba, alikaa kimya kwa muda kisha akauliza kama risiti hizo zinaweza kughushiwa. Hazikuwa zimeghushiwa.

Maamuzi na sababu zake

Kuanzia hapo familia ilikuwa na njia nne mbele yake. Ninazieleza kwa uzito tofauti kwa sababu mbili kati yake hazikuwa njia kwa kweli.

Ya kwanza ilikuwa kuongeza posho hadi Sh 500,000 mara moja, ambayo ingerudisha Ksh 25,000. Mwezi wa Aprili haikuwezekana. Marobota yalikuwa bado ghalani, soko halijafunguliwa, na mkopo wa kuziba pengo hilo ungetozwa riba ambayo ingekula msimu mzima. Ya pili ilikuwa mwanafunzi kutafuta kazi Nairobi. Pasi ya mwanafunzi aliyokuwa nayo haikumruhusu kuajiriwa, na familia haikutaka kuhatarisha masomo kwa ajili ya Ksh 5,000.

Ya tatu ilikuwa kupunguza gharama, na hapa mwanafunzi mwenyewe ndiye aliyeamua. Alikuwa amekwisha kujaribu kupunguza chakula na akaona kwamba kila shilingi aliyoiokoa mezani ilimrudia kwa namna nyingine, kwa kusinzia darasani na kununua vitafunwa vya barabarani ambavyo mwisho wa wiki viligharimu karibu sawa na mlo. Kipengele kilichoweza kupungua kwa kiasi kinachoonekana kilikuwa kodi peke yake. Mwezi wa Mei alitoka kwenye bedsita na kushiriki chumba na mwenzake mmoja mbali kidogo na chuo. Sehemu yake ya kodi ikawa Ksh 5,000, nauli ikapanda hadi Ksh 4,000, na chakula akakiweka Ksh 8,000. Jumla mpya ikawa Ksh 21,000. Kuhama nako kulikuwa na gharama: kati ya amana ya Ksh 9,000 mwenye nyumba alirudisha Ksh 5,000 tu akidai fedha ya rangi, na pikapu ya kubeba vitu ilichukua Ksh 1,000. Hasara hiyo ya Ksh 5,000 ililipwa na akiba ya kodi kabla ya mwezi wa pili kwisha.

Ya nne ilikuja Julai, baba alipolipwa, na ilibadilisha mpango wenyewe. Mjomba alipendekeza posho isitajwe tena kwa shilingi za Tanzania. Waliafikiana kwamba mwanafunzi apokee Ksh 21,000 kila mwezi, na familia itume kiasi chochote kinachohitajika ili zifike hizo, lakini kisizidi Sh 450,000. Kiwango kikipanda hadi kuvuka ukomo huo, mwanafunzi abebe upungufu. Kiwango kikishuka, tofauti kati ya kilichotumwa na ukomo iwekwe akiba ya posho. Kwa maneno mengine hatari iligawanywa: hadi Sh 21.4 kwa shilingi moja ya Kenya ni ya wazazi, zaidi ya hapo ni ya mtoto.

Mpango huo ulianza kwa mkupuo. Kwa kuwa fedha ilikuwepo na shilingi ilikuwa ikiendelea kushuka, baba alituma posho ya miezi mitatu kwa pamoja kwa kiwango halisi cha Sh 21: Ksh 63,000 kwa Sh 1,323,000, na juu yake Ksh 6,000 za kulipa deni la wanafunzi wenzake, ambazo ziligharimu Sh 126,000. Deni hilo hilo lingelipwa Januari lingegharimu Sh 96,000. Anayekopa kwa fedha inayopanda hulipa zaidi hata kama hakuna riba.

Matokeo

Shilingi ya Tanzania iliendelea kudhoofika, safari hii kwa sababu zake yenyewe. Uhaba wa dola uliokuwepo tangu mwaka uliotangulia haukuwa umekwisha, na kufikia Septemba na Oktoba 2024 dola ilipita Sh 2,700, huku ya Kenya ikisimama karibu Ksh 129. Shilingi moja ya Kenya ilivuka Sh 21, na kwa kiwango halisi cha familia Septemba ilikuwa Sh 21.7. Kwa kutuma mapema Julai familia iliokoa takribani Sh 25,000 katika posho za Agosti na Septemba.

Hata hivyo mkupuo ulileta tatizo ambalo halikuhusu viwango hata kidogo. Ksh 63,000 zilizokaa kwenye simu ya mwanafunzi wa miaka ishirini na mmoja hazikukaa miezi mitatu. Nyingine zilikwenda kwenye mambo ya lazima, kama kitabu na godoro, nyingine kwa rafiki aliyeomba aazimwe, nyingine hazikumbukwi. Wiki ya kwanza ya Septemba zilikuwa zimebaki Ksh 9,000, na mjomba akatuma kidogo nje ya mpango. Kuanzia Oktoba posho ilirudi kutumwa mwezi kwa mwezi.

Zile dola 600 mwanafunzi alizibeba taslimu aliporudi kutoka likizo fupi ya Agosti. Zilibadilishwa kwa karibu Ksh 77,000, pungufu ya ada kwa Ksh 3,000. Pengo lilizibwa, mtihani haukukosekana. Mwaka aliumaliza akiwa amefaulu masomo yote, ingawa alama za somo moja la muhula wa Januari hadi Aprili zilishuka, na yeye mwenyewe hupeleka lawama kwenye miezi ile ya kuruka mlo wa mchana.

Desemba 2024 upepo uligeuka upande wetu. Katika nusu ya pili ya mwaka dola za mazao ya biashara na utalii huingia kwa wingi, na safari hiyo shilingi iliimarika kwa kasi hadi dola ikashuka chini ya Sh 2,500. Kiwango halisi cha familia mwezi huo kilikuwa Sh 19.4, posho ikagharimu Sh 407,400, na akiba ya posho ikapata Sh 42,600 zake za kwanza.

Uchambuzi: posho ilipungukia wapi

Ukiuliza kwa nini posho ilipungua, jibu la haraka ni kwamba shilingi ya Tanzania ilidhoofika. Hilo ni kweli, ila limebeba mambo mawili tofauti, na kila moja lilihitaji hatua yake. Bei ya shilingi moja ya Kenya hupatikana kwa kugawanya bei ya dola hapa kwa bei ya dola huko. Januari ilikuwa 2,520 kwa 160, sawa na 15.75. Aprili ilikuwa 2,570 kwa 131, sawa na 19.6. Sasa rudia hesabu ya Aprili ukiiacha bei ya dola ya Tanzania pale pale ilipokuwa Januari: 2,520 kwa 131 ni 19.2. Yaani katika ongezeko lote la karibu Sh 3.90, shilingi 3.50 zilitokana na kuimarika kwa fedha ya Kenya, na senti arobaini tu ndizo zilizotokana na kushuka kwa fedha yetu. Kati ya Aprili na Septemba mambo yalikuwa kinyume: Kenya ilitulia, na ongezeko karibu lote lilitoka Tanzania.

Ndiyo maana redio na bei ya dola benki vilimpotosha baba. Havikuwa na uongo, ila vilijibu swali la mtu mwenye mtoto anayelipia mahitaji yake kwa dola. Dalili ya kwamba unaangalia fedha isiyohusika ni rahisi kuiona ukiijua: malalamiko ya anayepokea yanakuwa makubwa mara nyingi zaidi ya badiliko unaloliona wewe. Baba alipoona asilimia 2 na kusikia kilio cha asilimia 20, alihitimisha kwamba tofauti ni uzembe wa mtoto. Hitimisho hilo lilichelewesha ufumbuzi na, kwa maoni yangu, liliumiza zaidi ya njaa.

Uchambuzi: akiba ya dola

Kwenye hili sikubaliani na mjomba, ambaye husema dola zile zilikuwa kosa tupu. Linganisha njia tatu. Kama baba angebaki na zile Sh 1,500,000 kwa shilingi hadi Septemba 2024, zingenunua kama Ksh 70,000. Kwa kuziweka kwa dola alipata Ksh 77,000. Kama angelipa ada Januari, dola 500 zingetosha na 100 zingebaki. Dola ilimkinga kikamilifu na kushuka kwa shilingi ya Tanzania. Haikuweza kumkinga na kupanda kwa shilingi ya Kenya, kwa sababu mbele ya shilingi ya Kenya dola nayo ilishuka kutoka 160 hadi 129. Ilikuwa nusu ya kinga, na nusu iliyokosekana ndiyo iliyohitajika zaidi mwaka huo.

Je, angepaswa kulipa Januari? Siafiki kumlaumu kwa kutotabiri hatifungani ya Februari, kwani wengi Nairobi kwenyewe walitarajia dola izidi kupanda. Ila kuna njia ya kuamua isiyohitaji utabiri. Deni lilijulikana, Ksh 80,000, na fedha mkononi ilitosha kulilipa na kubaki. Kuanzia siku hiyo kila wiki ya kusubiri ilikuwa biashara ya kubahatisha fedha za kigeni, yenye faida ya dola chache upande mmoja na ada kutotimia upande mwingine. Baba ni mtu ambaye hangeacha marobota yaliyokwisha kupata bei nzuri yarudi ghalani kwa matumaini ya bei bora wiki ijayo. Kwenye tumbaku aliijua hatari hiyo kwa jina, kwenye ada hakuitambua.

Uchambuzi: msingi uliowekwa kwenye mwezi bora

Bedsita lilikuwa jambo dogo lililobeba uzito mkubwa. Mwaka 2023 posho ya Sh 350,000 ilikuwa imefika kati ya Ksh 18,000 na Ksh 21,500. Mtu angechukua kiwango cha chini cha mwaka huo, Ksh 18,000, kama msingi wa mahitaji ya lazima, kodi ya Ksh 9,000 ingeonekana mara moja kuwa nusu ya fedha yote. Badala yake msingi ulikuwa Ksh 25,000, kiasi ambacho mwanafunzi huyu hakuwahi kukipokea kabla ya Januari 2024, na baada ya Februari hakukipokea tena. Septemba, kama familia ingebaki na Sh 400,000, angepata kama Ksh 18,400: karibu pale pale alipoanzia Januari 2023, ila Nairobi ikiwa imepanda bei na yeye akiwa amefungwa na mkataba wa chumba.

Mpango wa kutaja posho kwa fedha ya kule ulifanya kazi kwa sababu uliweka nambari mbili badala ya moja. Ksh 21,000 ilimpa mwanafunzi uhakika wa kupanga, na Sh 450,000 ilimpa baba uhakika kwamba hatageuzwa kuwa kisima kisichokauka. Familia nyingi ninazozijua hushika upande mmoja tu. Zinazotuma kiasi kisichobadilika humwachia mtoto hatari yote, na zinazoahidi kutuma chochote kitakachohitajika hukwama mwezi wa Machi, mkulima akiwa na majani banini na mfuko mtupu. Udhaifu wa mpango huu uko hapo hapo kwenye majira: ukomo wa Sh 450,000 ni uleule kwa mwezi wa Julai na mwezi wa Februari, wakati uwezo wa baba si uleule, na katika miezi ya mwanzo wa mwaka ndipo pia dola za nje huingia kwa uchache na shilingi huelekea kulegea.

Hali ilipofikia 2025

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Januari 2025 kiwango halisi kilikuwa karibu Sh 20.1, Februari Sh 20.6, Machi Sh 21, na Aprili, dola ikiwa imerudi karibu Sh 2,690, kiligusa Sh 21.4, yaani ukomo wenyewe. Akiba ya posho ya miezi mitano ilikuwa imefika kama Sh 97,000, ambazo kwa kiwango cha Aprili ni Ksh 4,500: zinatosha chakula cha zaidi kidogo ya wiki mbili.

Baba na mjomba hawajakubaliana akiba hiyo ikae wapi. Mjomba anataka kila mwezi tofauti itumwe Nairobi ikae kwa shilingi za Kenya, na anaonyesha kwamba zile Sh 42,600 za Desemba zingekuwa Ksh 2,196 kama zingetumwa wakati ule, ilhali Aprili zilikuwa Ksh 1,991. Baba anajibu kwamba tofauti ya Ksh 205 ni ndogo kuliko kilichopotea kwenye ule mkupuo wa Julai, na kwamba fedha iliyoko Tabora angalau anajua iko wapi. Mwanafunzi amependekeza afungue akaunti ya akiba katika benki ya Nairobi ambayo haiunganishwi na simu, na taarifa yake itumwe kwa mjomba kila robo mwaka. Mjomba amekubali. Baba amesema atafikiria baada ya soko la tumbaku.